Pengo Kati ya Mstari wa Tatu na wa Nne

Uthibitisho kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu ni miongoni mwa hoja kongwe za hisabati. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliugusia kama jambo ambalo wasomaji wake walikwisha kulijua: ulalo wa mraba ungepimika kwa kipimo kilekile cha ubavu wake, namba witiri ingekuwa sawa na namba shufwa. Leo hoja hiyo hufundishwa mwanzoni kabisa mwa masomo ya hisabati ya chuo kikuu, na kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa kwanza huiandika upya kwenye karatasi zao za mazoezi.

Anayesahihisha karatasi hizo hana jibu la kutafuta, maana jibu limo ndani ya swali lenyewe. Swali linasema “Thibitisha kwamba √2 si sehemu”, na kila mwanafunzi humaliza kwa kusema kwamba √2 si sehemu. Kinachopimwa ni safari ya kufika hapo: je, kila hatua imebebwa na ile iliyotangulia, au kuna mahali mwandishi aliruka?

Chukua karatasi ya aina hii, ambayo mhadhiri yeyote wa somo hili ataitambua:

1. Tuseme √2 = a/b, ambapo a na b ni namba kamili.
2. Basi a² = 2b².
3. Kwa hiyo a² ni shufwa.
4. Kwa hiyo a ni shufwa, yaani a = 2c.
5. Basi 4c² = 2b², au b² = 2c², kwa hiyo b nayo ni shufwa.
6. a na b zote ni shufwa. Hili haliwezekani. Kwa hiyo √2 si sehemu.

Msomaji wa kawaida huipitia na kuridhika. Inakwenda vizuri, alama zimepangwa, na hitimisho ni la kweli. Hata hivyo ina mapengo mawili, nayo si ya uzito mmoja.

La kwanza limo katika mstari wa mwisho. “Hili haliwezekani,” anasema mwanafunzi, lakini hasemi kwa nini. Namba mbili kuwa shufwa kwa pamoja si ajabu hata kidogo. Sehemu 6/4 ina kiasi shufwa na asili shufwa, na hakuna aliyedhurika. Mgongano unaotajwa upo tu ikiwa mwanzoni ilikubaliwa kwamba a/b imerahisishwa hadi mwisho, yaani a na b hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Mwanafunzi alilijua hilo kichwani, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, ila hakuliandika. Mstari wa kwanza unaruhusu sehemu yoyote ile, na mstari wa sita unamkatalia msomaji kitu ambacho hakuahidiwa popote.

Je, mwanafunzi ana haki ya kuongeza sharti hilo? Anayo, na msahihishaji anapaswa kujua sababu, maana si kila sharti la ziada hukubalika. Kila sehemu inaweza kurahisishwa: gawanya kiasi na asili kwa kigawo chao kikubwa cha shirika, na thamani ya sehemu haibadiliki. Kwa hiyo anayesema “tuchukue a/b iliyorahisishwa” hajaiacha nje namba yoyote. Mwanafunzi mwingine huandika “tuseme a na b ni namba tasa”, akidhani anasema jambo lilelile. Huyo ameacha nje karibu sehemu zote zilizopo. Hata hoja yake ikienda sawa hadi mwisho, atakuwa amethibitisha tu kwamba √2 si sehemu yenye kiasi tasa na asili tasa, jambo ambalo hakuulizwa. Sentensi hizo mbili hufanana sana kwenye karatasi, hasa kwa macho yaliyochoka, lakini ya kwanza inafungua njia na ya pili inabadilisha swali.

Pengo la kwanza, basi, ni la kusahau kutamka. Huzibwa kwa maneno machache katika mstari wa kwanza. Linazibika kwa njia nyingine pia: mwanafunzi angeweza kusema mwishoni kwamba, kwa kuwa hoja hii inaweza kurudiwa kwa a/2 na b/2, kisha kwa nusu zake, tungeweza kuzigawa namba hizo kwa 2 bila kikomo, na hakuna namba kamili chanya inayovumilia hilo. Hapo sharti la kurahisisha halihitajiki kabisa. Msahihishaji anayetafuta maneno “imerahisishwa” peke yake, akakata alama kwa kutoyaona, atakuwa amemwonea aliyepita njia hii ya pili.

Pengo la pili ni zito zaidi, nalo liko kati ya mstari wa tatu na wa nne. Kutoka “a² ni shufwa” mwanafunzi anahamia “a ni shufwa”. Kauli hiyo ni ya kweli. Kila mtu aliyecheza na namba ameiona: 4, 16, 36 na 64 ni miraba ya 2, 4, 6 na 8. Tatizo ni kwamba karatasi haionyeshi kama mwandishi anajua sababu, au amezoea tu kuona mambo yakienda hivyo.

Hapa ndipo wasahihishaji wazoefu hutumia jaribio ambalo ni rahisi kuliko maelezo yoyote. Wanaondoa 2 na kuweka 4, kisha wanaisoma karatasi ileile, neno kwa neno.

Tuseme √4 = a/b, na sehemu hiyo imerahisishwa. Basi a² = 4b². Kwa hiyo a² inagawanyika kwa 4. Kwa hiyo a inagawanyika kwa 4, yaani a = 4c. Basi 16c² = 4b², au b² = 4c², kwa hiyo b nayo inagawanyika kwa 4. a na b zote zinagawanyika kwa 4, na hili haliwezekani. Kwa hiyo √4 si sehemu.

Lakini √4 ni 2, na 2 ni sehemu 2/1. Hoja ileile, kwa mpangilio uleule, imethibitisha uongo. Mahali fulani imevunjika, na ukizipima hatua moja moja utaona ni ileile ya tatu kwenda ya nne: mraba wa 2 ni 4, nao unagawanyika kwa 4, ilhali 2 yenyewe haigawanyiki kwa 4. Mraba wa 6 ni 36, nao vilevile. Hatua nyingine zote ni salama, isipokuwa pale hatua hiyohiyo inaporudiwa kwa b.

Jaribio hili linamwambia msahihishaji jambo mahususi. Kama hatua ya nne inasimama kwa 2 na kuanguka kwa 4, basi inategemea sifa fulani ambayo 2 inayo na 4 haina. Sifa hiyo haijatajwa popote kwenye karatasi. Kwa hiyo pengo ni la hoja yenyewe, na haliwezi kufutwa kwa kusema kwamba mwanafunzi ameandika kwa ufupi.

Jaribu pia na 8. Mraba wa 4 ni 16, unaogawanyika kwa 8, na 4 haigawanyiki kwa 8. Hatua ya nne inaanguka tena. Ila safari hii hitimisho ni la kweli, kwani √8 kweli si sehemu. Mwanafunzi atakayeandika hoja hii kwa 8 atafika kwenye ukweli kupitia hatua ya uongo, na asiyekagua hatua atampa alama zote. Kwa namba 6, kinyume chake, hatua inasimama: mraba ukigawanyika kwa 6, namba yenyewe nayo hugawanyika kwa 6. Ni vizuri msahihishaji akumbuke mfano huu kabla hajaandika pembeni kwamba hatua hiyo ni halali kwa namba tasa tu. Sita si namba tasa. Inapona kwa sababu ni 2 mara 3, na hakuna kigawo tasa kinachojirudia ndani yake, tofauti na 4 ambayo ni 2 mara 2, au 8 ambayo ina 2 tatu.

Kuziba pengo lenyewe si kazi kubwa. Kama a ingekuwa witiri, ingeandikika kama 2k + 1, na mraba wake ungekuwa 4k² + 4k + 1, yaani 2(2k² + 2k) + 1, ambayo ni witiri. Kwa hiyo a² ikiwa shufwa, a haiwezi kuwa witiri. Ni mstari mmoja.

Wanafunzi wengi, wakiombwa sababu, huandika mstari mwingine. Wanasema: “a ni shufwa kwa sababu (2c)² = 4c², ambayo ni shufwa.” Hesabu ni sahihi, lakini imekwenda upande wa pili. Imeonyesha kwamba namba shufwa huzaa mraba shufwa. Iliyotakiwa ni kwamba mraba shufwa hutoka kwa namba shufwa. Hili ni kosa linalowaponyoka wasahihishaji kirahisi, kwa kuwa mahali palipohitaji sababu sasa pana sababu, na jicho likiona pengo limejazwa huendelea mbele. Jaribio la 4 hulinasa papo hapo: (4c)² = 16c², nayo inagawanyika kwa 4. Sababu hiyo inafanya kazi kwa 4 vizuri tu, lakini hatua ya nne kwa 4 ni ya uongo. Sababu inayokubali mahali hatua inapokataa haiwezi kuwa ndiyo inayoibeba hatua hiyo.

Kusoma kwa namna hii hakuji kwenyewe. Annie Selden na John Selden, watafiti wa ufundishaji wa hisabati, walichapisha mwaka 2003 utafiti ambamo wanafunzi 8 wa chuo walipewa hoja nne za kauli iliyo jirani kabisa na hii: mraba ukigawanyika kwa 3, namba yenyewe inagawanyika kwa 3. Kazi yao ilikuwa kusema zipi ni uthibitisho na zipi sizo. Katika usomaji wa kwanza maamuzi yao hayakuwa na uhakika kuliko ya mtu anayebahatisha. Yaliboreka sana waliporudi kuzisoma tena na kuulizwa maswali. Walikuwa na ujuzi wa kutosha. Kilichokosekana mwanzoni ni tabia ya kusimama kwenye kila “kwa hiyo”.

Wataalamu nao wana mtego wao. Anayejua vizuri kwamba mraba shufwa hutoka kwa namba shufwa hupita juu ya pengo bila kulihisi, kwa sababu akili yake imekwisha kulijaza. Ndiyo maana baadhi ya wahadhiri huisoma karatasi mara mbili: mara ya kwanza kuelewa mwanafunzi anaelekea wapi, bila kugusa kalamu, na mara ya pili wakijifanya hawajui chochote zaidi ya kilichoandikwa juu ya mstari wanaousoma. Usomaji wa pili ndio unaotoa alama.

Kisha huja swali gumu la kiasi gani cha kukata, na hapa hata mabingwa hutofautiana. Mwaka 2013 Matthew Inglis na wenzake walitoa matokeo ya utafiti ambamo wanahisabati 109 walisoma uthibitisho mmoja mfupi wa kalkulasi na kuombwa kusema kama ni halali. Hawakukubaliana. Kwa karatasi yetu ya √2, tofauti ya namna hiyo hupungua ikiwa swali moja litaulizwa kabla ya kugawa alama: mwanafunzi alikuwa na ruhusa ya kutegemea nini? Kama wiki iliyotangulia darasa lilithibitisha kwamba a² shufwa huleta a shufwa, mstari wa nne unahitaji maneno machache tu ya kukumbusha, na kuyakosa ni kasoro ndogo. Kama jambo hilo halikuwahi kuthibitishwa darasani, mstari wa nne ndio moyo wa swali zima, na aliyeuruka ameacha kazi kubwa kuliko zote. Karatasi ni ileile, lakini alama zinatofautiana kwa haki. Kwa hiyo mwongozo wa usahihishaji unaosema tu “alama 3 kwa kuonyesha a ni shufwa” haujamaliza kazi yake.

Msahihishaji wa Dar es Salaam au Nairobi ana jambo jingine la kupima. Mwanafunzi wake anaandika kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi ni lugha ya pili au ya tatu, na viunganishi vya hoja ndivyo vinavyoteleza kwanza. Anayeandika “ikiwa” mahali pa “kwa kuwa” huenda anajua kabisa kwamba jambo limekwisha kuthibitishwa. Mstari unaofuata kwa kawaida hutoa jibu: kama anaitumia kauli hiyo bila masharti yoyote, alimaanisha “kwa kuwa”, na hilo ni la kusahihisha pembeni bila kukata alama. Mstari wa nne wa karatasi yetu hauponi kwa hoja hiyo. Hakuna kiunganishi, katika lugha yoyote, ambacho kingeleta sababu ambayo haikuandikwa.

Katika rundo hilohilo huenda ikawamo karatasi nyingine, fupi kuliko zote. Inasema: “Katika a² = 2b², upande wa kushoto kigawo 2 kinatokea mara shufwa, na upande wa kulia kinatokea mara witiri. Haiwezekani.” Hapa hakuna kurahisisha sehemu wala hatua ya nne. Mraba wowote una kila kigawo tasa kwa idadi shufwa, na kuzidisha kwa 2 huongeza kimoja. Ni hoja nzuri, na msahihishaji asiyeiona kwenye mwongozo wake asiharakishe kuikata. Lakini nayo imesimama juu ya kitu kisichotamkwa: kwamba namba ina njia moja tu ya kuvunjwa kuwa namba tasa. Ingekuwa na njia mbili, upande wa kushoto ungeweza kuhesabiwa kwa njia moja na wa kulia kwa nyingine, na mgongano ungetoweka.

Dhana hiyohiyo ilimwangusha mtu mzito. Tarehe 1 Machi 1847, Gabriel Lamé alisimama mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris na kutangaza kwamba amethibitisha kauli ya Fermat, iliyokuwa imewashinda watu kwa karne mbili. Njia yake ilivunja namba katika ulimwengu mpana zaidi ya namba kamili za kawaida. Joseph Liouville alinyanyuka baada yake na kuuliza kama katika ulimwengu huo namba zina njia moja tu ya kuvunjwa. Lamé alikuwa amelichukua hilo kimyakimya. Mwezi Mei, Liouville aliwasomea wanachama barua ya Ernst Kummer kutoka Ujerumani: sifa hiyo haipo siku zote, na Kummer alikuwa amekwisha kulichapisha jambo hilo mwaka 1844. Uthibitisho wa Lamé ulikufa hapo.

Hakuna haja ya kwenda kwenye ulimwengu wa Lamé ili kuona sifa hiyo ikikosekana. Chukua namba zinazobakiza 1 zikigawanywa kwa 4 peke yake: 1, 5, 9, 13, 17, 21 na kuendelea. Ukizidisha mbili kati yake, jibu linabaki humo humo. Ndani ya kundi hili 9 haivunjiki, kwa sababu 3 haimo. Wala 21 haivunjiki, wala 49, maana 3 na 7 zote hazimo. Sasa tazama 441: ni 9 mara 49, na pia ni 21 mara 21. Ni namba moja yenye mivunjo miwili. Mraba wa 21 unagawanyika kwa 9, na 21 yenyewe haigawanyiki kwa 9. Ni hatua ya nne ya mwanafunzi wetu, ikianguka mbele ya namba ambayo katika kundi lake haivunjiki kabisa.

Aliyeandika karatasi hii fupi anastahili alama zote iwapo ametaja kwamba anategemea upekee wa kuvunja namba kuwa namba tasa, kanuni iliyofundishwa. Asipoitaja, msahihishaji atamkata kidogo.

Yule wa mistari sita atarudishiwa karatasi yake na maandishi pembeni. Alama ya kuuliza peke yake, au “Kwa nini?” iliyochorwa kwa wino mwekundu, haimsaidii sana, kwake mstari wa nne ni dhahiri, na ataona amesumbuliwa bure. Maneno yanayofaa zaidi ni haya: “Soma mstari wa 4 ukiweka 4 mahali pa 2.” Akifanya hivyo atafika kwenye √4 isiyo sehemu, na pengo atalikuta mwenyewe. Wapo wanaoongeza zoezi la pili: thibitisha kwamba √8 si sehemu, bila kutumia hatua iliyoanguka. Akianza na a² = 8b², sehemu ikiwa imerahisishwa, hataweza kusema a inagawanyika kwa 8. Anaweza kusema a ni shufwa, kwa sababu sasa anajua mraba wa witiri ni witiri. Ataandika a = 2c na kupata c² = 2b². Kwa sababu ileile c nayo ni shufwa, c = 2d, na inabaki b² = 2d². Kwa hiyo b ni shufwa, a ni shufwa, na safari hii neno “haiwezekani” lina mstari wa kwanza wa kuliunga mkono.